Ombi la Likizo Lisilojua Linakwenda kwa Nani

Fomu ya likizo ya karatasi haina siri. Chini yake kuna nafasi tatu za saini: msimamizi, meneja, mkurugenzi. Mhudumu wa ofisi huibeba kutoka meza hadi meza, na anayetaka kujua imefika wapi huenda kuitafuta kwenye trei. Fomu hiyohiyo ikihamia kwenye kompyuta, mhudumu anaondoka, na kazi yake inabaki bila mtu. Lazima pawe na sehemu ya programu inayojua kwamba ombi hili ni la msimamizi kuamua, na lile lipande hadi kwa mkurugenzi. Ujuzi huo uwekwe wapi?

Tuchukue kampuni ya kubuni yenye ghala Dar es Salaam na tawi dogo Arusha. Kanuni yake ni nyepesi. Msimamizi anaweza kuidhinisha likizo ya hadi siku 3, meneja hadi siku 14, na mkurugenzi hadi siku 28. Hiyo 28 haikuokotwa hewani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo katika kila mzunguko wa miezi 12.

Mwandishi wa programu anayeanza ataliandika jambo hili kama anavyolisema mdomoni:

```python
if siku <= 3:
    peleka(ombi, "msimamizi")
elif siku <= 14:
    peleka(ombi, "meneja")
else:
    peleka(ombi, "mkurugenzi")
```

Hakuna kosa hapo, na programu itafanya kazi. Taabu inaanza siku Arusha inapoulizia habari zake, kwa sababu kule hakuna meneja: msimamizi akishindwa, ombi linakwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi. Sasa kila sharti linahitaji sharti jingine ndani yake la kuuliza tawi. Baadaye kampuni inaajiri meneja wa zamu ya usiku, ambaye kikomo chake ni siku 7. Ngazi ya masharti inarefuka, na aliyeiandika ndiye pekee anayethubutu kuigusa. Ukitazama vizuri utaona kwamba kipande kimoja cha programu kimelazimishwa kujua muundo wa kampuni nzima, vyeo vyote na mamlaka zote, ilhali kazi yake ilikuwa kupokea fomu tu.

Mwaka 1994 Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides walitoa kitabu kilichokusanya ruwaza 23 za usanifu wa programu, yaani njia zilizokwisha kujaribiwa za kutatua matatizo yanayorudi mara kwa mara. Wanne hao wanajulikana mpaka leo kwa jina la utani la Genge la Wanne. Mojawapo ya ruwaza zao ndiyo hii tunayoweza kuiita mnyororo wa wajibu. Wao walieleza kwa mfano wa msaada kwenye skrini: mtu anabofya kuomba maelezo juu ya kitufe, kitufe kikiwa hakina maelezo kinalisogeza ombi kwa dirisha lililokibeba, nalo likikosa linalipeleka kwa programu yenyewe. Mfano wa likizo ulienea baadaye kwa walimu wa fani hii, na si vigumu kuona kwa nini: kila aliyewahi kuajiriwa anauelewa.

Katika mnyororo, kila cheo kinakuwa objekti, maana yake kijisehemu cha programu chenye taarifa zake na kazi zake. Objekti ya msimamizi inajua mambo mawili tu: kikomo chake, na nani anamfuata. Haijui kama kuna mkurugenzi. Haijui mnyororo una urefu gani. Ikipokea ombi, inajiuliza kama ni lake. Kama si lake, inampa anayefuata.

```python
class Mwidhinishaji:
    def __init__(self, cheo, kikomo, anayefuata=None):
        self.cheo = cheo
        self.kikomo = kikomo
        self.anayefuata = anayefuata

    def pokea(self, ombi):
        if ombi.siku <= self.kikomo:
            return self.cheo
        if self.anayefuata:
            return self.anayefuata.pokea(ombi)
```

Kisha mnyororo unaungwa kuanzia juu kuteremka, kwa kuwa kila mmoja anahitaji kujulishwa anayemfuata:

```python
mkurugenzi = Mwidhinishaji("mkurugenzi", 28)
meneja = Mwidhinishaji("meneja", 14, mkurugenzi)
msimamizi = Mwidhinishaji("msimamizi", 3, meneja)

msimamizi.pokea(ombi)
```

Karani wa ghala anaomba siku 10. Ombi linaingia kwa msimamizi. Kumi inazidi 3, kwa hiyo anampa anayemfuata. Kwa meneja, 10 haizidi 14, kwa hiyo linaishia hapo na jibu linalorudi ni "meneja". Mkurugenzi hakuguswa kabisa. Kwa Arusha mstari wa meneja unaachwa, na msimamizi wa kule anaunganishwa na mkurugenzi moja kwa moja. Meneja wa usiku mwenye siku zake 7 anaongezwa kwa mstari mmoja katikati. Zile fungu mbili ndani ya `pokea` hazibadiliki hata herufi.

Hadi hapa ndipo vitabu vingi huishia, na hapa ndipo mambo huanza kuharibika maofisini. Tazama tena mwisho wa ile `pokea`. Ombi likizidi kikomo, na anayefuata asiwepo, nini kinatokea? Hakuna. Lugha ya Python, kazi isiyorudisha kitu hurudisha `None`, yaani utupu, bila kulalamika. Ombi limedondoka mwisho wa mnyororo na hakuna aliyesikia kishindo. Mwombaji anaona kwenye skrini kwamba ombi limepokelewa, nalo kweli lilipokelewa. Halikuwa na mwenyewe tu.

Mtu atasema hilo haliwezi kutokea, kwa kuwa hakuna anayeomba zaidi ya siku 28. Wanawake wajawazito wanaomba. Sheria ileile ya 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Ombi la siku 84 litampita msimamizi, litampita meneja, litampita mkurugenzi, kisha litatoweka. Hitilafu ya namna hii ni mbaya kwa sababu inamwangukia mtu mmoja tu katika miezi mingi, naye huambiwa asubiri. Njia ya kuigundua ni kuhesabu: maombi yaliyoingia katika mwezi lazima yalingane na jumla ya yaliyoamuliwa na yaliyo juu ya meza fulani. Yakipungua, kuna yaliyodondoka.

Marekebisho ya kwanza ni kuufanya mwisho wa mnyororo upige kelele. Badala ya kuacha utupu, mstari wa mwisho unarusha hitilafu yenye jina:

```python
        if self.anayefuata is None:
            raise OmbiHalinaMwenyewe(ombi)
        return self.anayefuata.pokea(ombi)
```

Marekebisho ya pili yanagusa maana ya jambo lenyewe. Likizo ya uzazi haipaswi kupimwa kwa idadi ya siku hata kidogo. Ni haki, anachofanya mwajiriwa ni kutoa taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, pamoja na cheti cha daktari, na kazi ya ofisi ni kuhakiki nyaraka. Meneja hana cha kukataa. Kwa hiyo inahitajika pete mpya, na pahali pake ni mwanzoni kabisa mwa mnyororo, kabla hata ya msimamizi:

```python
class DawatiLaUzazi(Mwidhinishaji):
    def pokea(self, ombi):
        if ombi.aina == "uzazi":
            return self.cheo
        return self.anayefuata.pokea(ombi)

mlango = DawatiLaUzazi("afisa utumishi", 0, msimamizi)
```

Kuanzia sasa maombi yote yanaingia kwa `mlango`. La uzazi linakamatwa hapo na kupelekwa kwa afisa utumishi. Mengine yanaendelea kama kawaida. Hii ndiyo faida ya kweli ya ruwaza hii. Pete moja inapima kwa siku, nyingine kwa aina ya likizo, ya tatu ikitakiwa ingeweza kupima kwa idara, na hakuna inayojali mwenzake anapima kwa nini. Ile ngazi ya masharti isingeweza kulibeba hilo bila kuandikwa upya.

Lakini mpangilio sasa una uzito. Weka dawati la uzazi baada ya mkurugenzi, na ombi la siku 84 bado litalifikia, maana wote watatu watalipitisha. Aliyelipima kwa njia hiyo atadhani kazi imekwisha. Kisha siku moja mfanyakazi anaandika siku 28 za kwanza za likizo yake ya uzazi kwenye fomu moja, na zilizobaki kwenye nyingine, na ile ya kwanza inaishia kwa mkurugenzi kama vile ni likizo ya kawaida. Pete inayochagua kwa aina lazima itangulie zinazochagua kwa kiasi.

Kuna mkanganyiko mwingine unaonisumbua zaidi kuliko huo, nao uko katika neno dogo. Meneja anapoliachia ombi, anaweza kuwa anasema "hili si langu" au anaweza kuwa anasema "hapana". Ukizitia kauli hizo mbili katika jibu moja la `False`, ombi lililokataliwa na meneja aliye na mamlaka kamili litapanda kwa mkurugenzi kana kwamba halijafika kwa yeyote, na huenda likakubaliwa. Meneja atajua Jumatatu asubuhi, atakapokuta kiti kitupu. Katika mnyororo, kukataa ni kuamua, na uamuzi unaufunga mnyororo. Majibu yanatakiwa yawe matatu: nimekubali, nimekataa, si langu, na hilo la tatu pekee ndilo linalosogeza ombi mbele.

Hata watengenezaji wa lugha ya Java waliwahi kushika njia hii ya jibu moja la ndiyo na hapana. Katika toleo la kwanza la Java, ulipobofya kitufe, tukio lilipandishwa kutoka kitufe kwenda paneli hadi dirisha, na kila hatua ilirudisha `true` kama imeshughulikia au `false` ili liendelee. Mwandishi aliyekosea kurudisha `false` alijikuta mbofyo mmoja ukishughulikiwa mara mbili. Toleo la 1.1 la mwaka 1997 liliachana na utaratibu huo na kuweka wasikilizaji wanaojiandikisha wenyewe. Mnyororo haukufa, hata hivyo. Kivinjari unachotumia leo bado hupandisha mbofyo kutoka kitufe hadi ukurasa mzima, na anayetaka kuukatiza hutumia amri iliyo wazi, `stopPropagation()`.

Hapa lazima niseme pia kwamba ofisi nyingi hazifuati mnyororo wa Genge la Wanne. Kwao saini zote tatu zinahitajika: msimamizi anapendekeza, meneja anakubali, mkurugenzi anaidhinisha, hata kwa likizo ya siku mbili. Katika mnyororo wa asili, wa kwanza mwenye mamlaka anamaliza. Katika huu wa pili, kila mmoja anaweza kuzuia na anayekubali hupitisha mbele, na ni saini ya mwisho tu inayotoa likizo. Objekti ni zilezile, viungo ni vilevile, ila maana ya kupitisha imegeuka kichwa chini: kule kupitisha ni kukosa mamlaka, huku kupitisha ni kuridhia. Kabla hujaandika mstari wa kwanza, mwulize afisa utumishi ni upi kati ya hiyo miwili. Watu wa programu wakiacha kuuliza, hupata mfumo unaotoa likizo kwa saini moja katika ofisi inayotaka tatu.

Sasa tuje kwa watu wenyewe, maana mnyororo tulioujenga ni wa vyeo. Meneja naye huchoka. Akiomba siku 5, ombi linaingia mlangoni, linampita msimamizi kwa kuwa 5 inazidi 3, linafika kwa meneja, naye anajiidhinishia. Akiomba siku 2 ni kituko zaidi, kwa sababu bosi anaomba ruhusa kwa mtu wa chini yake. Suluhisho ni kwamba baada ya mlango, kila ombi lianzie kwa mkubwa wa mwombaji badala ya kuanzia kwa msimamizi siku zote: karani aanzie kwa msimamizi, meneja aanzie kwa mkurugenzi. Na mkurugenzi je? Hana anayemfuata, kwa hiyo lile `OmbiHalinaMwenyewe` litarushwa, na ni vizuri lirushwe, kwa kuwa linailazimisha kampuni kujibu swali ililolikwepa. Kwa kawaida jibu ni mwenyekiti wa bodi.

Halafu kuna kukaimu. Meneja amekwenda likizo na msimamizi anakaimu nafasi yake. Fundi wa mfumo, kwa haraka, anaiandika hivi: `msimamizi.anayefuata = msimamizi`. Inasomeka vizuri kwa jicho la haraka. Baada ya msimamizi anafuata kaimu meneja, naye ni msimamizi. Ombi la siku 10 linaingia, linazidi 3, linapelekwa kwa anayefuata, ambaye kikomo chake ni kilekile 3, na linazunguka. Python kwa kawaida huvumilia miito ya aina hii hadi 1000 hivi, kisha inasimama na kuandika `RecursionError`. Kosa lililofanyika ni kuichukua objekti kama mtu. Objekti ya meneja inawakilisha kiti, na kikomo cha siku 14 ni cha kiti. Anayekikalia leo asomwe kwenye orodha nyingine, na kukaimu kubadilishe jina katika orodha hiyo bila kuigusa minyororo.

Tofauti kubwa kuliko zote kati ya mfano wa kitabuni na ofisi ni muda. `pokea` inamaliza safari nzima ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, ilhali meneja wa kweli atalisoma ombi kesho kutwa akirudi kutoka semina. Mnyororo hauwezi kukaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta ukimsubiri. Mashine ikizimwa usiku, kila kilichokuwa hewani kinapotea. Ndiyo maana katika programu yetu `pokea` hairudishi "umekubaliwa". Inarudisha cheo. Kazi ya mnyororo ni kutafuta meza, na uamuzi unafanywa na mtu, baadaye. Meza ikishapatikana huandikwa kwenye hifadhidata pamoja na namba ya ombi, tarehe na kikomo kilichotumika. Kile kikomo kinaonekana kama mapambo mpaka siku mamlaka ya meneja yatakaposhushwa kutoka siku 14 hadi 10 huku ombi la siku 12 likiwa mezani kwake. Rekodi ndiyo itakayoonyesha kwamba alipolipokea lilikuwa lake.

Ukimya wa meneja nao unahitaji sehemu yake, nje ya mnyororo. Saa ya mfumo ipite kila asubuhi, ikute maombi yaliyokaa zaidi ya siku zilizowekwa, na kuyapandisha kwa anayefuata kwa maelezo kwamba yamechelewa. Yasiidhinishwe yenyewe. Kimya cha mtu aliye semina hakina maana yoyote ya kiutumishi.

Linabaki suala la siku zenyewe, ambazo tumezitumia kama vile kila mtu anazihesabu namna moja. Karani anataka kuondoka Ijumaa na kumaliza Jumatatu. Kwa siku mfululizo, kama sheria ya Tanzania inavyohesabu likizo ya mwaka, pamoja na sikukuu zinazoangukia ndani yake, hizo ni 4 na ombi linakwenda kwa meneja. Kwa siku za kazi, ambazo Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inazitumia inapotoa zisizopungua 21, hizo ni 2 na msimamizi anatosha. Kampuni ikifungua ofisi Mombasa, hesabu ifanywe mara moja, kabla ombi halijagusa pete ya kwanza, na `ombi.siku` ibebe jibu. Ukiruhusu kila pete ihesabu yenyewe kwa tarehe, ipo siku msimamizi na meneja watapata namba tofauti kwa ombi moja, na kila mmoja atasema ni la mwenzake.

Mwombaji mjanja naye atakuwa amegundua kitu kwa wakati huo. Pete inaona ombi moja tu lililo mbele yake. Anayetaka siku 9 bila kumfikia meneja anajaza fomu tatu za siku 3 zinazofuatana, na msimamizi mwenye huruma anazipitisha zote. Kurekebisha kikomo hakusaidii. Inabidi hesabu ileile inayofanyika mlangoni itazame pia likizo za mtu huyo zilizogusana na hii, izijumlishe, na kulipa ombi la pili siku 6 na la tatu siku 9. Mnyororo wenyewe hauhitaji kuambiwa lolote, utampelekea meneja.